Jinsi ya Kutazama Clueless ya Mwaka 1995 Bila Kupitwa na Vijembe Vyake

Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa. Mwaka jana tulikaa sebuleni kutazama Clueless, filamu niliyoipenda tangu enzi za kukodi kanda za video. Tulipofika pale kijana Josh anaposema wanaharakati wa miti wanatarajia kumpata Marky Mark aje kupanda mti, na Cher, msichana mkuu wa filamu, anamjibu kwamba itakuwa vizuri sana akipata nafasi katika ratiba yake nzito ya kuvua suruali, mimi nilicheka. Yeye akanigeukia: “Shangazi, Marky Mark ndiye nani?” Nikamwambia ni Mark Wahlberg. Akazidi kushangaa, maana Wahlberg anayemjua ni yule baba mwenye misuli wa filamu za Transformers. Suruali inaingiaje hapo?

Nilipojaribu kumweleza niligundua kwamba kumpa tafsiri ya maneno hakumsaidii. Kila neno alikuwa amelielewa. Asichokuwa nacho ni cheo cha mtu yule mwaka ule: alikuwa juu au chini, anaheshimiwa au anachekwa, na nani anamcheka. Filamu hii nzima inahusu wasichana wanaopima vyeo vya watu, nguo, magari na maneno kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo usipojua vipimo vyao, unabaki na hadithi tamu ya mapenzi, lakini nusu ya vichekesho vinapita juu ya kichwa chako.

Hizi ndizo hatua ninazotumia sasa nikimtazamisha mtu mara ya kwanza.

Kabla ya yote: tazama mara moja bila kusimamisha

Filamu ni ya dakika 97 tu. Itazame yote kwanza, ucheke unapocheka, na uwe na karatasi pembeni. Kila mahali ambapo wahusika wanacheka au wanakasirika na wewe hujui kwa nini, andika dakika. Usiingie mtandaoni kutafuta jibu papo hapo. Filamu hii ina tabia ya kurudia jambo lilelile kwa njia nyingine baada ya nusu saa, na mara nyingi jibu linakuja lenyewe.

Mfano mzuri ni neno “Monet”. Cher anamwita mwenzake Amber hivyo, na rafiki yao mpya Tai, ambaye hajui, anauliza maana yake. Cher anamfafanulia: ni kama mchoro, ukiwa mbali unapendeza, ukisogea karibu ni fujo tupu. Hapo huhitaji kamusi. Inatosha kujua kwamba Claude Monet alikuwa mchoraji Mfaransa ambaye michoro yake imejengwa kwa madoa ya rangi. Mwandishi na mwongozaji, Amy Heckerling, alimweka Tai katika hadithi kwa kazi hiyo pia: yeye ni mgeni anayeuliza maswali kwa niaba yetu. Kwa hiyo karatasi yako ibaki na yale tu ambayo Tai hakuuliza.

Hatua ya kwanza: piga mstari Julai 1995

Filamu ilitoka kwenye kumbi za Marekani Julai 1995. Ukikutana na jina la mtu maarufu, futa kichwani kila alichofanya baada ya tarehe hiyo, kisha ujiulize alikuwa nani siku ile. Hapa ndipo watazamaji wa leo wanapokosea zaidi, kwa sababu wanajua mengi mno. Mtu asiyelijua jina atalitafuta. Anayelijua kwa sifa zilizokuja baadaye anapita bila hata kushtuka.

Rudi kwa Marky Mark. Mwaka 1991 alikuwa kijana wa rapu mwenye wimbo uliofika namba moja Marekani, na sifa yake jukwaani ilikuwa kuteremsha suruali ili nguo ya ndani ionekane. Mwaka 1992 Calvin Klein wakamfanya sura ya matangazo yao ya nguo za ndani, picha zake zikabandikwa kila mahali. Filamu zilizomfanya aheshimiwe kama mwigizaji zilikuja baada ya mstari wetu. Basi kijembe cha Cher kina ncha mbili: kinamchapa msanii ambaye kazi yake ni kuvua nguo, na kinamchapa Josh, mwanafunzi wa chuo anayejiona mtu wa mambo mazito, lakini ambaye chama chake cha mazingira kinamtegemea mtu huyo ili kionekane.

Majina ya wasichana wakuu wawili yanafuata kanuni hiyohiyo. Mwanzoni kabisa Cher anatueleza kwamba yeye na rafiki yake Dionne walipewa majina ya waimbaji wakubwa wa zamani ambao siku hizi wanafanya yale matangazo marefu ya biashara kwenye televisheni. Mtazamaji wa leo anajiuliza: Cher wa zamani? Si ndiye aliyeimba “Believe”? Ndiye, lakini “Believe” ilitoka mwaka 1998. Mwaka 1995 Cher alikuwa mshindi wa Oscar ambaye watu walikuwa wamemwona kwenye vipindi vya usiku akinadi dawa za nywele, na wengi walilichukulia hilo kama kuporomoka. Dionne Warwick naye alikuwa sura ya huduma ya kupiga simu kwa watabiri, ile ya Psychic Friends Network. Kwa msichana wa miaka kumi na sita aliyelelewa mbele ya televisheni, hao wawili walikuwa wauza bidhaa waliowahi kuimba. Anatamka hivyo bila dharau yoyote, kama anayetaja ukoo wake kwa fahari, na utamu wenyewe uko hapo.

Watu wengine kwenye orodha ni wepesi. Luke Perry, anayetajwa kama mwanamume ambaye Cher anamtunzia ubikira wake, alikuwa kijana mtanashati wa tamthilia ya Beverly Hills, 90210, iliyoanza mwaka 1990, na wasichana wa umri huo walibandika picha zake ukutani. Pauly Shore, ambaye filamu zake Cher anasema hazina maana ya kutafutwa, alikuwa mchekeshaji wa vituko vya kitoto. Noxzema, inayotajwa katika sentensi ya kwanza kabisa, ni krimu ya uso iliyotangazwa na wasichana wenye ngozi safi na vicheko visivyoisha, ambayo ndiyo picha tunayoonyeshwa wakati huo.

Kuna moja linalohitaji zaidi ya jina. Darasani Cher anatoa hotuba kuhusu wakimbizi wa Haiti na analitamka jina la watu wa nchi hiyo vibaya. Leo inaonekana kama mada iliyookotwa tu. Siku zile ilikuwa kwenye habari kila jioni: mwaka 1991 jeshi lilimpindua Rais Aristide, watu wakakimbia kwa mashua, walinzi wa pwani wa Marekani wakawazuia baharini na kuwapeleka wengi kwenye kambi ya Guantánamo, na mwaka 1994 majeshi ya Marekani yakaingia Haiti. Cher anajenga hoja yake kwa mfano wa sherehe ya baba yake ambapo walikuja wageni wasiothibitisha mwaliko, ikabidi aongeze viti, na mwisho shughuli ikanoga zaidi. Watazamaji wa wakati ule walicheka mambo mawili kwa pamoja, ujinga wa mfano na usahihi wa hitimisho. Usipojua kwamba watu wazima wenye madaraka walikuwa wakilivunjia kichwa swali lilelile, unacheka la kwanza peke yake.

Hatua ya pili: uliza neno limetoka kundi gani

Heckerling alikwenda kukaa Beverly Hills High School kusikiliza wanafunzi wanavyoongea, akakusanya maneno kutoka kwingine pia, na mengine akayatunga. Ndiyo maana misimu ya filamu hii si ya kundi moja. Ukilijua kundi, unajua mhusika anajaribu kufanana na nani.

Kuna maneno yanayopima sura. Msichana mrembo ni “Betty”, mwanamume mtanashati ni “Baldwin”, na asiyevutia ni “Barney”. Betty na Barney ni majina ya wahusika wa katuni ya The Flintstones, majirani wa Fred. Baldwin ni ndugu wanne waigizaji, Alec, Daniel, William na Stephen, ambao miaka ile walihesabiwa ukoo wa wanaume wazuri. Msikilize Cher akielekea mwisho anapokiri kwamba Josh naye, haya, ni Baldwin kiasi. Mtu anayekisoma kipande hicho kama jina geni tu anakosa tukio lenyewe: kwa mara ya kwanza anampandisha Josh kwenye mizani anayowapimia wavulana wengine. Na anapoitazama picha ya marehemu mama yake na kumwita Betty kamili, neno la kijiweni linabeba huzuni ambayo hana neno jingine la kuibebea. Kwangu hicho ndicho kipande bora cha misimu katika filamu nzima.

Maneno mengine yametoka kwa vijana weusi na muziki wa hip-hop. Murray anapomwuliza mpenzi wake Dionne kama alikuwa “jeepin'” nyuma ya mgongo wake, anauliza kama amemsaliti, na picha iliyomo ni ya mapenzi ya ndani ya gari, Jeep hasa. Dionne anamrudishia shutuma hiyo kwa nywele bandia za bei nafuu alizozikuta kwenye kiti cha nyuma cha gari la Murray, anazosema ni za K-Mart. K-Mart ilikuwa minyororo ya maduka ya bei ya chini. Sikiliza hasira iko wapi. Kusalitiwa kunauma, lakini kusalitiwa na mtu anayevaa nywele za K-Mart ni kushushwa cheo.

“Audi” inawapoteza wengi wanaosoma maandishi ya chini ya picha. Mhusika anasema “I'm Audi”, maandishi yanaonyesha jina la gari, na mtazamaji anadhani msichana tajiri anajisifia usafiri. Anachosema ni kwamba anaondoka. Ni mchezo wa sauti: jina la gari linasikika kama neno la kutoka, na wapenzi wa hip-hop walikuwa tayari wakisema “Audi 5000”, jina la modeli iliyouzwa Marekani miaka ya 1980. Kanuni ya kukusaidia ni hii: maandishi yakikuonyesha jina la kampuni mahali ambapo mtu anafunga mazungumzo, funga macho, rudia sekunde tano, usikilize tu.

“As if” ni rahisi kwetu kuliko kwa wengi, kwa sababu Kiswahili kina neno lake kamili: thubutu! Mvulana anamkumbatia Cher shuleni, naye anamsukuma na kutoa neno hilo. Ukilisoma kama nusu ya sentensi iliyokatika, haliingii akilini. Ukilisikia kama “thubutu”, limekaa. Na “whatever”, linalosindikizwa na vidole vilivyoungwa kuwa herufi W, ni ule mkato wa “haya bwana” unaomwambia mwenzako kwamba hata kubishana naye hustahili kujichosha.

Kisha kuna kisingizio cha Cher cha kuchelewa darasani, “surfing the crimson wave”, yaani kuteleza juu ya wimbi jekundu. Sisi tungesema alikuwa mwezini. Kichekesho hakiko kwenye fumbo. Kiko kwenye uso wa Bwana Hall, mwalimu wa kiume aliyebanwa mbele ya darasa zima, asiyeweza kuuliza swali la pili. Cher analijua hilo, na ndiyo sababu amelichagua.

Ukimaliza maneno ya mtaani, geukia maneno makubwa, maana yanatumika kwa njia ileile. Cher anamfundisha Tai msamiati, likiwemo neno “sporadically”, na muda si mrefu Tai analitumia mwenyewe. Baadaye Cher anapotaja filamu ya zamani ya Spartacus, anaiita “Sporaticus”. Ukiwa umesikiliza somo la kwanza utaona mwalimu mwenyewe amejikwaa juu ya neno lake. Murray naye, baada ya kukaripiwa kwa kumwita Dionne “mwanamke” kihuni, anajitetea kwa hotuba ya kisomi kuhusu lugha ya mtaani kama njia halali ya kujieleza na viwakilishi vya kike vyenye mzaha. Tai, ambaye hajazoea, anashangaa kwamba wanaongea kama watu wazima. Murray ni kijana wa familia yenye uwezo katika shule ya matajiri. Mtaa anauvaa kama anavyovaa suruali yake pana, na filamu inamwacha alivue vazi hilo kwa sekunde kumi ili tuone.

Hatua ya tatu: usiamini kwamba walivaa hivyo

Kosa kubwa kuhusu mavazi ni kudhani Cher anatuonyesha vijana wa 1995 walivyokuwa. Ni kinyume chake. Mbunifu wa mavazi, Mona May, alipokwenda na Heckerling kuangalia shule, walikuta vijana katika mtindo wa granji: mashati ya flana, jinzi pana, nywele zisizochanwa, kila kitu kikubwa kuliko mwili. Mtindo huo ulitoka na muziki wa Seattle na bendi kama Nirvana, na nguo zake nyingi zilikuwa za mitumba, zilizochaguliwa makusudi zionekane zimechakaa. Msomaji aliyewahi kuchambua shati la flana kwenye marobota ya Gikomba au Karume miaka ile analijua shati hilo kwa kuligusa.

May akaamua kutengeneza ulimwengu usiokuwepo. Suti ya njano ya miraba, ya Dolce & Gabbana, yenye koti, sketi fupi na soksi ndefu nyeupe, ni sare ya shule iliyotiwa anasa. Katika ukumbi wa shule uliojaa rangi zilizofifia inang'aa kama taa. Sasa sikiliza Cher anapolalamika kwamba haelewi wavulana wa siku hizi wanavyovaa, kama wameanguka kitandani, wakajitia suruali pana na kuficha nywele zenye mafuta chini ya kofia iliyogeuzwa nyuma. Mtazamaji wa 1995 alikuwa amekaa ukumbini akiwa amevaa hivyohivyo. Kijembe kilimlenga yeye. Leo, kwa kuwa suti ya njano ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu na watu wanaivaa kwenye sherehe za “miaka ya tisini”, kijembe kimegeuka: tunadhani Cher ndiye wa kawaida na wavulana ndio wa ajabu.

Tuchukue tukio moja la mavazi tulifungue polepole. Usiku, Cher ameachwa peke yake kwenye maegesho ya duka la pombe, upande wa bondeni mbali na Beverly Hills. Anatokea kibaka mwenye bastola, anachukua simu na mkoba, kisha anamwamuru alale kifudifudi. Cher, bastola ikiwa kichwani, anasita: gauni hili ni Alaïa. Kibaka anauliza ni nini hicho. Naye anamweleza kwamba ni mbunifu muhimu sana.

Mtazamaji asiyejua jina anacheka kidogo, kwa sababu msichana anahofia nguo kuliko risasi. Ukijua jina, kicheko kinaongezeka. Azzedine Alaïa alizaliwa Tunis, akahamia Paris, na akajulikana kwa magauni yanayoushika mwili kama ngozi ya pili. Hakuwa mtu wa kujitangaza kwa mabango kama Calvin Klein. Jina lake lilikuwa la kunong'onezana kati ya wanaojua mitindo. Kwa hiyo Cher ametaja cheo ambacho kinafanya kazi shuleni kwake na si mahali pengine popote, mbele ya mtu mwenye cheo kimoja tu, bastola. Mlinganishe na tukio la baba yake anapouliza kile alichovaa ni kitu gani. Anajibu ni gauni. Nani kasema? Calvin Klein. Baba haulizi huyo ni nani, maana jina hilo hata wakili mzee amelisikia. Anasema tu kwamba linafanana na nguo ya ndani, na kumtuma akavae kitu juu yake. Majina mawili ya wabunifu, matokeo mawili tofauti, na tofauti hiyo haikuwekwa kwa bahati.

Vifaa vipitie haraka kwa kipimo hichohicho. Simu ya mkononi kwa mwanafunzi mwaka 1995 ilikuwa anasa, ndiyo maana Cher na Dionne wanaongea kwa simu huku wakikaribiana ukumbini hadi wanakutana. Kompyuta inayochagua nguo ilikuwa ndoto. Picha za Polaroid anazopigwa badala ya kuamini kioo zilikuwa za gharama, kila moja karatasi yake.

Hatua ya nne: chagua uzi mmoja na uufuate hadi mwisho

Baada ya hapo tazama mara ya pili, ukimfuata mhusika mmoja tu. Mimi humpendekeza Christian, mvulana mgeni ambaye Cher anampenda katikati ya filamu, kwa sababu filamu inatuambia siri yake mapema sana, kwa nguo na majina peke yake, na Cher haoni.

Anaingia darasani akiwa nadhifu, nywele zimelala, mavazi ya miaka ya 1950. Katikati ya wale wenye kofia za nyuma, hiyo tayari ni alama. Anaongea kwa misimu ya zamani ya kina Frank Sinatra na kundi lao, Rat Pack. Anapokuja kumchukua Cher, baba anamtazama na kumwuliza kama anadhani kifo cha Sammy Davis kimeacha nafasi wazi katika Rat Pack. Sammy Davis Jr. alikuwa mmoja wa kundi hilo, na alifariki mwaka 1990. Baba, mtu wa rika la kuwakumbuka, amemtambua kijana kama mwigaji kwa sentensi moja. Christian anamtaja Billie Holiday, na Cher anasema anampenda sana “yeye mwanamume”. Billie Holiday alikuwa mwanamke. Hapo filamu inatudokeza kwamba Cher anaitikia majina asiyoyajua, na mtu wa namna hiyo hawezi kuzisoma dalili.

Kisha unakuja usiku wa sinema. Cher amejiandaa kwa mahaba. Christian ameleta filamu za Tony Curtis, Some Like It Hot na Spartacus, na Cher anatuambia kwamba Christian anampenda sana mwigizaji huyo. Katika ya kwanza, ya mwaka 1959, Curtis anavaa nguo za kike karibu filamu nzima. Ya pili, ya mwaka 1960, ilikuwa na tukio la bafuni ambapo bwana Mroma anamtongoza mtumwa wake, Curtis, kwa mafumbo ya chaza na konokono. Tukio hilo liliondolewa kabla ya filamu kutoka, likarudishwa katika toleo la mwaka 1991, sauti ya marehemu Laurence Olivier ikitiwa upya na Anthony Hopkins. Kwa hiyo mpenzi wa sinema wa mwaka 1995 alikuwa ametoka tu kusikia habari zake. Chaguo la kanda pekee lilikuwa jibu.

Cher anaendelea kutojua mpaka siku ya gari, Dionne akijifunza kuendesha, Murray anapochoka na kueleza wazi kwa msururu wa alama. Christian anacheza disko, anasoma Oscar Wilde, ana tiketi za Streisand, ni rafiki wa Dorothy. Fungua moja moja. Wilde ni mwandishi aliyefungwa miaka miwili Uingereza mwaka 1895 kwa kosa la mahusiano na wanaume. Barbra Streisand alirudi jukwaani mwaka 1994 kwa ziara iliyosubiriwa kwa miaka mingi, na tiketi zake zilikuwa ghali. Mashabiki wake wengi waliojulikana kwa uaminifu walikuwa wanaume wanaopenda wanaume. Dorothy ni msichana wa The Wizard of Oz, aliyeigizwa na Judy Garland mwaka 1939, na kujiita rafiki wa Dorothy ilikuwa njia ya wanaume hao kutambuana nyakati ambazo kusema wazi kulihatarisha kazi na uhuru. Mtazamaji wa leo anapata maana kwa ujumla kutokana na sauti ya Murray. Asichopata ni kwamba kila kipengele kilikwisha kuonyeshwa, au ndugu yake alionyeshwa, katika nusu saa iliyotangulia.

Ukiwa umesoma Emma ya Jane Austen, riwaya ya mwaka 1815 ambayo filamu hii imejengwa juu yake, utamtambua Christian kuwa ni Frank Churchill, mgeni mchangamfu ambaye shujaa anadhani ni wake kumbe moyo wake uko kwingine kwa siri. Heckerling alibadilisha siri, akaiacha kazi yake ileile katika hadithi.

Kujua kama umepatia

Nina kipimo kimoja. Chukua kijembe ulichokifungua, weka mtu au kitu cha leo chenye cheo kilekile, umwambie mtu asiyeijua filamu. Akicheka, umekipata cheo. Akisema “nimeelewa” bila kucheka, umepata maana tu, rudi nyuma.

Mpwa wangu alikwama kwenye Hamlet. Heather, mpenzi wa Josh wa chuoni, ananukuu maneno akisema ni ya Hamlet. Cher anamkatiza: yeye anamkumbuka Mel Gibson vizuri, na hakuyasema, aliyasema yule Polonius. Mpwa alijua kwamba Cher yuko sahihi, akasema ameelewa, uso mkavu. Nikampiga mstari wa Julai 1995: Gibson alimwigiza Hamlet katika filamu ya mwaka 1990, na watu walimjua zaidi kwa filamu za risasi na magari. Nikamwambia afikirie msomi wa chuo kikuu anabishana kuhusu setibuku, anashindwa na mtoto wa sekondari aliyeangalia filamu kwa sababu ya sura ya mwigizaji. Na kabla ya hapo, Dionne alipouliza shairi zuri la Shakespeare limetoka wapi, Cher alijibu limetoka kwenye Cliffs Notes, vile vijitabu vya mwongozo ambavyo wanafunzi husoma badala ya kitabu chenyewe.

Hapo alicheka kwa nguvu. Mwaka ule wa mtihani, riwaya zake mbili alizisoma kwa mwongozo, na nilikuwa sijui mpaka aliposema.